Pikipiki ya lipa mdogo mdogo: Piga hesabu ya siku ya kazi kabla hujatia sahihi

Ukipita Litein, Silibwet au Kapsoit siku yoyote utaona pikipiki mpya zimepangwa mbele ya duka, na kando yake kijana wa mauzo mwenye karatasi. Karatasi hiyo ina tarakimu mbili zilizoandikwa kwa herufi kubwa: malipo ya kwanza, na kiasi cha kulipa kwa siku au kwa wiki. Kampuni kama Watu na Mogo zimefanya jambo hili kuwa rahisi mno. Unaweza kuingia asubuhi kwa miguu na jioni ukawa stejini na chombo chako.

Shida ni kwamba tarakimu hizo mbili haziwezi kukuambia kama utatoboa. Unayohitaji ni moja tu, na haiko kwenye karatasi: pikipiki hii itakugharimu pesa ngapi kwa kila siku unayofanya kazi? Ukiijua, unaweza kulinganisha mkopo wa kampuni, mkopo wa ushirika na kukodi pikipiki ya mtu, na ukaona ni njia gani inakuacha na pesa mfukoni.

Hebu tuitafute pamoja. Tumchukue kijana wa kubuni anayetaka kufanya boda boda Litein, na tumpe bei za mfano. Wewe ukisoma, toa zake uweke zako.

Bei halisi ya mkopo

Pikipiki ya injini ya 150, tuseme, inauzwa Sh190,000 ukilipa taslimu. Kijana wetu hana pesa hizo. Ana Sh30,000. Anapewa mkopo wa kulipa Sh3,300 kila wiki kwa wiki 78, yaani mwaka mmoja na nusu.

Zidisha 3,300 kwa 78 upate Sh257,400. Ongeza zile 30,000 alizoanza nazo, jumla inakuwa Sh287,400. Maana yake ni kwamba amekopa Sh160,000 na atalipa Sh97,400 zaidi. Kwa kuwa deni linapungua kila wiki anapolipa, riba hiyo ukiihesabu kama benki inavyohesabu inakaribia asilimia 69 kwa mwaka. Ndiyo maana karatasi inazungumzia wiki na siku, haizungumzii mwaka.

Hapa kuna jambo la kushika. Kwa mkopo wa masharti kama haya, kila Sh10,000 unayoongeza kwenye malipo ya kwanza inakuondolea karibu Sh16,000 za marejesho. Kwa hivyo kama nyumbani mna majani chai na mzazi ameahidi kukusaidia bonasi ya Oktoba ikiingia, kungoja miezi michache ili uanze na 80,000 badala ya 30,000 si uvivu. Ni akiba ya takriban Sh30,000.

Siku zako za kazi ni ngapi kweli?

Sasa upande wa mapato. Tuseme kwa wastani kijana wetu anaingiza Sh1,250 kwa siku. Petroli ni lita mbili hivi, weka Sh360. Chakula cha mchana na mchango wa steji, weka Sh190. Anabaki na Sh700.

Muuzaji atazidisha 700 kwa siku 30 na kusema, "Bro, hiyo ni 21,000 kwa mwezi, mkopo ni 14,300 tu, unabaki na 6,700." Hesabu hiyo ni sahihi kwenye karatasi, lakini Kericho na Bomet hakuna mwezi wa siku 30 za boda boda.

Toa Jumapili, au Jumamosi kama wewe ni Msabato. Toa siku ambayo mvua inaanza saa saba mchana na haikatiki, na udongo mwekundu wa barabara za ndani unakuwa sabuni. Toa siku ya fundi, siku ya matanga na siku ya homa. Ukibaki na siku 24 za kazi kamili kwa mwezi, wewe ni mchapakazi. Siku 24 mara 700 ni Sh16,800.

Na usiweke kwenye hesabu pesa za kubeba abiria wawili. Sheria inaruhusu mmoja. Siku utakayoshikwa, faida ya wiki nzima itaisha.

Kuna pia kalenda ya majani chai, ambayo wauzaji wa mjini hawaiulizi. Kwetu pesa hutembea pamoja na chai. KTDA humlipa mkulima kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha bonasi ya mwaka huja Oktoba. Kiangazi cha Januari na Februari kikishika, majani hupungua, magunia ya kupeleka kwenye kituo cha kununulia hupungua, na abiria wa kwenda sokoni hupungua pia. Juu ya hayo, Januari ndio mwezi wa karo. Wateja wanatembea kwa miguu, lakini Sh3,300 za wiki hazipungui hata senti.

Na bonasi yenyewe usiitegemee sana. Viwanda vya upande wetu, magharibi mwa Bonde la Ufa, kwa kawaida hulipa bonasi ndogo kuliko vile vya kaunti za Mlima Kenya. Pesa hizo zisipotosha nyumbani, hata steji inahisi.

Matengenezo si ajali, ni bili

Vijana wengi huhesabu matengenezo kama bahati mbaya. Cheni ikikatika wanasema siku imeharibika. Ukweli ni kwamba karibu kila kitu kinachoharibika kwenye pikipiki kina muda wake unaojulikana, hivyo unaweza kukiwekea pesa mapema.

Chukua mwaka mmoja wa kazi, kilomita kama 90 kwa siku. Oili inabadilishwa kila baada ya kilomita 2,000 hivi au mapema kidogo, tuseme mara 14 kwa mwaka kwa Sh700, hiyo ni Sh9,800. Tairi ya nyuma mara mbili na ya mbele mara moja, karibu Sh9,000. Cheni na sproketi zake mara mbili, Sh5,000. Breki, nyaya, plagi, balbu na panchari, Sh500 kwa mwezi, Sh6,000. Bima, kama haimo ndani ya mkopo, tuweke Sh5,000.

Kuna moja ambayo karibu kila mtu anaisahau: injini. Baada ya miaka miwili hivi ya kupanda milima na mzigo, pistoni na ringi zitataka kubadilishwa. Ukiweka kando Sh6,000 kila mwaka, siku hiyo ikifika hutakopa kwenye simu.

Jumla ni Sh40,800 kwa mwaka, yaani Sh3,400 kwa mwezi. Milima na matope ya kwetu yanaweza kuipandisha. Matope yanakaa kwenye cheni na kuila kama msasa, na kwenye miteremko mirefu breki huisha haraka kuliko za mtu anayefanya kazi mahali tambarare. Magunia ya majani yanayofungwa nyuma bila kipimo hupinda rimu na kuua shoki. Ukiona tairi ya nyuma inaliwa upande mmoja, au pikipiki inayumba ukiachia usukani kidogo, usisubiri. Hiyo ni rimu, beringi au fremu inakuambia mzigo umezidi.

Sasa tuweke pamoja. Mapato ya mwezi Sh16,800, toa mkopo Sh14,300, toa matengenezo Sh3,400. Kijana wetu amepungukiwa na Sh900. Ili avunje tu usawa, asipate faida wala hasara, anahitaji siku 26 za kazi kila mwezi. Siku ya 27 ndiyo ya kwanza kumlipa yeye kikamilifu.

Na hivi ndivyo pikipiki nyingi zinavyorudi kwa kampuni. Kwa kawaida mwendeshaji si mlevi wala mvivu. Kwa kuwa mkopo una tarehe na matengenezo hayana, anaruka oili mwezi huu ili alipe wiki. Mwezi ujao anaruka breki. Mwezi wa nane injini inaanza kutoa moshi, pikipiki inalala kwa fundi siku tano, wiki mbili zinapita bila kulipa, na kifaa cha kufuatilia kinachowekwa kwenye pikipiki kinaonyesha iko wapi. Ukitaka kujua kama umeanza njia hiyo, angalia jambo moja: je, mwezi huu umechelewesha oili ili ulipe mkopo? Kama ndiyo, nenda ukaongee na mkopeshaji sasa, kabla hujakosa wiki ya kwanza.

Bei ya kuuza nayo ni sehemu ya hesabu

Watu husema pikipiki imejilipa siku deni linapoisha. Si kweli kabisa, kwa sababu siku hiyo bado una chombo chenye thamani. Gharama yako ni pesa zote ulizotoa, ukitoa zile utakazopata ukiiuza.

Tuseme kijana wetu anakaa na pikipiki miaka 3. Amelipa mkopo na malipo ya kwanza Sh287,400. Ametengeneza kwa Sh122,400. Anaiuza Sh60,000. Gharama halisi ni Sh349,800. Siku 24 kwa mwezi mara miezi 36 ni siku 864. Gawanya, na tarakimu tuliyokuwa tunaitafuta ndiyo hii: Sh405 kwa kila siku ya kazi.

Je, kama angeiuza mara tu deni linapoisha, baada ya miezi 18, kwa bei nzuri ya Sh100,000? Wengi hufanya hivyo ili wachukue mpya. Gharama inapanda hadi Sh575 kwa siku. Ukitoa kwenye zile 700, anabaki na Sh125. Miezi 18 ya kwanza ndiyo ghali, na miezi inayofuata ndiyo inayokulipa, kwani bila mkopo anabaki na Sh13,400 kila mwezi baada ya matengenezo. Ukiiuza pikipiki siku deni linapoisha, umelima shamba ukamwachia mwingine mavuno.

Bei ya kuuza hutegemea vitu viwili. Kwanza ni injini. Mnunuzi mjanja atakuja asubuhi injini ikiwa baridi, aiwashe na kuangalia ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na bei inashuka papo hapo. Ataangalia pia kama fremu imechomelewa, na kama namba ya chesisi inalingana na hati.

Pili ni hati ya umiliki, ile tunayoita logibuku. Wakati wa mkopo, jina la mkopeshaji huwa kwenye hati pamoja na lako, au dai lake limesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika. Ukimaliza kulipa, deni limekwisha lakini hati haijisafishi yenyewe. Omba barua ya kuthibitisha umemaliza, kisha hakikisha uhamisho umekamilika kwenye akaunti yako ya NTSA kupitia eCitizen. Fanya hivyo wiki hiyo hiyo, si siku mnunuzi amesimama na pesa mkononi. Pikipiki ya Sh60,000 isiyo na hati safi inaweza kwenda kwa Sh25,000, na tofauti hiyo pekee inaongeza Sh40 kwa gharama ya kila siku uliyofanya kazi kwa miaka mitatu.

Kama unaweza kuchagua wakati, uza Oktoba au Novemba, bonasi ikiwa imeingia. Januari utakutana na wanunuzi wanaotafuta karo.

Linganisha na njia nyingine mbili

Sasa una Sh405. Iweke kando ya njia ya pili: mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Kericho kuna Imarisha Sacco, na wakulima wa chai wengi wako kwenye vyama vyao au hukopa kupitia Greenland Fedha, kampuni ya mikopo ya KTDA. Tuseme kijana wetu anapata Sh160,000 zile zile kwa riba ya asilimia 1.2 kwa mwezi kwenye deni linalobaki, kwa miezi 18. Atalipa karibu Sh9,940 kwa mwezi, jumla Sh178,900. Riba ni Sh18,900 badala ya Sh97,400.

Kwa miaka 3 na matengenezo yale yale, gharama yake ni Sh314 kwa siku ya kazi. Na hata wakati wa mkopo, mwezi wa siku 24 unamwachia Sh3,460 badala ya kumpungukia.

Kizingiti ni akiba. Ushirika mara nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na utahitaji wadhamini. Kwa Sh160,000 anahitaji akiba ya karibu Sh54,000, mbali na zile 30,000 za kujazia bei. Habari njema ni kwamba akiba hiyo inabaki yake. Habari mbaya ni kwamba hawezi kuigusa akiwa na deni, na akishindwa, wadhamini wake ndio watakatwa. Mara nyingi hao ni mjomba, mama au jirani wa steji. Pikipiki ya kampuni ikirudi, unapoteza pikipiki. Ya ushirika ikikushinda, unaweza kupoteza watu.

Njia ya tatu ni ile vijana wengi hudharau: kukodi. Ukipewa pikipiki ya mtu kwa Sh300 kwa siku, mwenyewe akigharamia oili na matengenezo makubwa, gharama yako ni hizo 300. Hakuna malipo ya kwanza, na injini ikifa si yako.

Ziangalie zikiwa pamoja. Kukodi Sh300, ushirika Sh314, kampuni Sh405. Kutoka kwenye Sh700, kijana wetu anabaki na Sh400, Sh386 au Sh295. Kwa bei hizi, mtu anayekodi anapata zaidi ya mwenye mkopo wa kampuni kwa miaka yote mitatu, ingawa stejini ndiye anaitwa hasla asiye na chake.

Hiyo haimaanishi mkopo wa kampuni ni mbaya siku zote. Kama kwenu kukodi ni Sh400 au zaidi, tofauti imekwisha. Kama mwenye pikipiki anaweza kuichukua wakati wowote, nawe una familia, usalama wa kumiliki una bei yake. Kama una kazi ya uhakika juu ya abiria, kwa mfano kupeleka maziwa kila alfajiri au mizigo ya duka la Kericho mjini, na unabaki na Sh950 badala ya 700, basi mwezi wa siku 24 unakuachia Sh5,100 hata ukilipa kampuni. Unachohitaji ni kujua wewe uko wapi.

Na kuna njia moja ya kujua. Kodi pikipiki siku 30 kabla ya kutia sahihi popote. Kila jioni andika mambo matatu kwenye daftari: ulichoingiza, ulichotumia, na kama siku hiyo ulifanya kazi kamili. Kama unalipwa kwa simu, taarifa ya Pochi la Biashara itakusaidia kukumbuka. Mwisho wa mwezi utakuwa na siku zako halisi na baki lako halisi. Ukiweza, fanya hivyo Januari au Februari, kwa sababu mkopo unaobebeka kiangazi utabebeka mwaka mzima.

Kisha rudi kwa yule kijana wa mauzo ukiwa na maswali manne. Jumla nitakayolipa hadi mwisho ni ngapi? Nikichelewa wiki moja nitatozwa nini, na pikipiki ikichukuliwa, gharama za kuirudisha ni ngapi? Nikilipa mapema, napunguziwa riba au nalipa yote? Bima na usajili vimo ndani au nje? Mwambie ayaandike. Kabla hujatoa malipo ya kwanza, hakikisha una wiki nne za marejesho kando, kwa mfano wetu Sh13,200, kwenye akaunti usiyoigusa. Kama ukilipa malipo ya kwanza unabaki na sifuri, bado hujafikisha pesa za pikipiki hiyo. Endelea kukodi, endelea kuweka, na daftari lako lisiache kuandikwa.